Somo: Jinsi ya kukagua antibayotiki zinavyotoka kwenye duka dogo la dawa (someni kabla hamjaniuliza tena)

Wakuu habari zenu. Naulizwa hili kila wiki, kila mtu namwandikia upya, leo naliweka lote hapa mara moja. Hii ni ya duka la watu wawili watatu, daftari moja na kalamu vinatosha.

1. Chagua dawa moja au mbili za kuchunguza, ingawa daftarini zitaandikwa antibayotiki zote. Mimi nilianza na amoksilini kapsuli za miligramu 500 kwa watu wazima. Ukitaka zote kwa mpigo utachoka siku ya tatu.

2. Chora daftari. A tarehe, B muda, C dawa, D tatizo, E idadi iliyotoka, F idadi iliyotakiwa, G cheti cha daktari kipo au hakipo, H sababu kama imetoka pungufu. Kwenye muda andika asubuhi, mchana au jioni, maana ukiandika "saa 2" baadaye hujui ni ya asubuhi au ya usiku. Jina la mgonjwa usiandike.

3. Hesabu stoo kabla ya kuanza na siku ya kumaliza. Kapsuli moja moja, na zile zilizokatwa kwenye droo pia.

4. Andika antibayotiki 60 zinazofuatana. Zinazofuatana! Usichague. Na iandikwe pale pale dawa inapotoka, jioni kichwa kimeshachoka utajaza vya kubuni bila hata kujua.

5. Tafuta kinachojirudia. Kwenye 60 zangu za kwanza amoksilini zilikuwa 24. Mwongozo tunaoutumia kwa matatizo mengi ya kawaida ya mtu mzima ni kapsuli moja mara tatu kwa siku 5, yaani 15. Nikashuka na safu ya E, kati ya 24 hizo 17 zimeandikwa 10. Sio 9, sio 12, ni kumi kumi tupu, na 5 kati yake zilikuwa na cheti kilichoandikwa 15 kabisa. Namba ikijirudia hivyo usikimbilie kusema watu wazembe, jiulize hiyo namba inatoka wapi. Stripu yetu ina kapsuli 10. Basi. Mtu anasema nipe amoksilini, mkono unachukua stripu moja, mgonjwa anaondoka na dawa ya siku 3 na kidogo. Dozi ilikuwa inapangwa na kiwanda kilichofungasha!

6. Rudisha majibu kwa wenzako. Hapa ndipo nilipoharibu, someni taratibu. Wakati ule nilikuwa na safu ya jina la muuzaji, nikachukua karatasi nikabandika ukutani nani katoa pungufu mara ngapi. Kijana mmoja alikuwa na 11 kati ya zile 17, kumbe yeye ndiye anakaa jioni peke yake foleni ikiwa ndefu, na mimi sikumuuliza. Mwezi uliofuata tukarudia, daftari likaja safi kabisa, amoksilini 20 zote zimeandikwa 15, nikafurahi sana. Halafu nikahesabu stoo. Tulianza na kapsuli 480, hakuna mzigo ulioingia, zimebaki 60, kwa hiyo zimetoka 420, lakini daftari linasema 20 mara 15 ambayo ni 300. Kapsuli 120 hazina maandishi, sawasawa na stripu 12 za kumi kumi. Hakuna aliyeiba, pesa ilikuwepo yote, ila watu walikuwa wanaogopa kuandika "10" wakaacha kuandika kabisa. Karatasi yangu haikuongeza dozi ya mtu hata mmoja, iliua daftari tu.

Kwa hiyo:
- usiweke safu ya jina la muuzaji, namba ni ya duka zima;
- usibandike kitu kabla ya kukaa na watu na kuuliza "hii kumi inatokea vipi?";
- daftari likipendeza ghafla, rudi stoo kabla ya kushangilia.

Niliomba radhi, tukakaa dakika 20 kabla ya kufungua, na yule kijana wa jioni ndiye aliyetoa dawa ya tatizo: asubuhi tuandae bahasha za kapsuli 15, zimeandikwa 1x3 siku 5, anayekuja na cheti anapewa bahasha. Jambo moja tu tukabadilisha.

7. Rudia baada ya mwezi, daftari lile lile, 60 zile zile. Safari hiyo amoksilini 22, pungufu 6, na stoo ikapishana na daftari kwa kapsuli 10 tu. Ni namba ndogo, nikisema 17 kati ya 24 na 6 kati ya 22 natosheka, sitangazi asilimia.

Maswali karibuni.

---

kabati_la_juu: Mkuu, nimekagua wiki iliyopita, nimeandika zile ambazo nilikuwa na nafasi, kama 18 hivi. Matokeo mazuri, hakuna pungufu. Nimemaliza?

Mwandishi: Hapana. Soma hatua ya 4. Ulikuwa na nafasi wakati hakuna foleni, na pungufu zinatokea kwenye foleni.

kabati_la_juu: Ila si kila mtu ana muda wa kuandika 60 mkuu

Mwandishi: Basi andika 30, ila zifuatane. Na stoo hujasema kama ulihesabu.

Dada Kipimo: Samahani kaka, kuna kitu kinanisumbua. Kama mtu ana mafua ya kawaida, kumpa 15 badala ya 10 tumemsaidia nini? Si hakuhitaji hata moja?

Mwandishi: Dada umegusa penyewe, asante sana. Hilo safu ya E haliwezi kulijibu, ndiyo maana ipo D na G. Mafua ni virusi, amoksilini haivigusi, ukimkamilishia dozi umeongeza kapsuli 5 za bure. Kwenye zile 17 za mwanzo 12 hazikuwa na cheti, na 7 kati ya hizo 12 D imeandikwa mafua au kikohozi cha siku mbili. Kwa hao F ni sifuri, sio 15, na unawahesabu peke yao. Bahasha isiwe njia ya kuuza nyingi zaidi, ndiyo maana nimesema anayekuja na cheti. Ukianza upya, andika na wale wa mafua walioondoka bila antibayotiki, bila wao hujui ni wangapi kati ya wangapi.

Dada Kipimo: Nimeelewa kaka. Na nikiweka kwenye eksel?

Mwandishi: Kichwa mstari wa 1, data 2 mpaka 61, halafu:

```
=SUMPRODUCT((C2:C61="amoksilini")*(E2:E61<F2:F61))
```

Jina la dawa liandikwe namna moja tu. "amoxil" na "amoksilini" yatahesabiwa dawa mbili.

Mzee wa Shelfu: Mwanangu, hizo bahasha mkishakata stripu, namba ya bachi na tarehe ya kuisha inabaki kwenye kipande gani?

Mwandishi: Shikamoo mzee. Kwenye stripu zetu ipo ukingoni, kwa hiyo nusu moja inabaki haina kitu. Tunaandika vyote kwenye bahasha, jina, nguvu, bachi na tarehe, na hatuchanganyi bachi mbili kwenye bahasha moja.

Mzee wa Shelfu: Marahaba. Andaeni za siku moja tu basi, msirundike.

Mwandishi: Sawa mzee, tunaandaa 6 kila asubuhi.

tone_la_jioni: na sirapu za watoto je? pia 15?

Mwandishi: Sirapu ni mililita na uzito wa mtoto. Fungua daftari lake, usichanganye na hili.