Jinsi ya kukokotoa kiwango chako cha chesi baada ya mchezo (mfumo wa FIDE)

Tuseme una kiwango 1640, umecheza mashindano ya michezo miwili. Wa kwanza umemfunga mwenye 1780, wa pili umefungwa na mwenye 1520.

Hatua ya 1: Alama tarajiwa

```
E = 1 / (1 + 10^((Rm - Rw) / 400))
```

`Rw` ni kiwango chako, `Rm` cha mpinzani. Dhidi ya 1780 unapata takriban 0.31. Maana yake, ukicheza naye michezo 100, mfumo unakutarajia uvune alama kama 31, sare ikihesabiwa nusu. Dhidi ya 1520 unapata 0.67 ukizungusha, lakini jedwali la FIDE linasema 0.66. Ukihakiki matokeo rasmi, fuata jedwali. Fomula ni nzuri kwa kuelewa tu.

Hatua ya 2: K yako

K ni namba inayoamua kiwango chako kinapanda au kushuka kwa ukubwa gani. Mchezaji mpya hutumia 40 hadi akamilishe michezo 30. Walio chini ya miaka 18 nao hubaki na 40, mradi hawajafika 2300. Wengine wengi ni 20. Ukishagusa 2400 unapewa 10, na hairudi juu hata ukishuka.

Hatua ya 3: Zidisha

```
badiliko = K * (matokeo - E)
```

Ushindi ni 1, sare 0.5, kufungwa 0. Kwa K ya 20, mchezo wa kwanza unakupa 20 × 0.69, yaani +13.8. Hata sare ingekupa +3.8.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wakishapata 13.8 wanaiongeza papo hapo, wanaingia mchezo wa pili wakiwa 1654. Sivyo. Ndani ya mashindano, kiwango chako ni kile kile ulichoanza nacho, 1640. Kwa hiyo mchezo wa pili ni 20 × (0 − 0.66), yaani −13.2, na jumla ni +0.6. Anayetumia 1654 anapata tofauti ya 134, jedwali linampa 0.68, anapoteza 13.6 na kubaki na +0.2. Usizungushe kila mchezo peke yake pia. Jumlisha desimali zote kwanza, kisha zungusha mara moja. Aliyefuata njia sahihi anapata 1641, yule mwingine anabaki 1640 na kulalamika kwamba orodha ya mwezi ina kosa.

Kosa jingine ni kudhani ulichopata wewe ndicho alichopoteza mpinzani. Yule wa 1780 akiwa na K ya 40, ameshuka 40 × 0.69, yaani 27.6, maradufu ya ulichopanda wewe.

Hesabu hii usiipeleke kwenye tovuti ya chesi ya Lichess. Kule wanatumia mfumo mwingine, Glicko-2, ambayo haina K isiyobadilika.