SOMO: CRIT Rate na CRIT DMG zinazidishana, usijaze moja ukaisahau nyingine

Wakuu habari za jioni, niko hapa Ngamiani Tanga, jana nimekaa kibarazani na mdogo wangu anacheza Genshin Impact kwenye simu, kareka wake ana CRIT DMG 190% na anajisifia zile namba kubwa za kriti zikitokea, lakini bosi hafi. Nikaangalia CRIT Rate nikakuta 35%. Yaani mapigo mawili katika kila matatu hayapati kriti kabisa, ile 190 yote imelala bure, akaniudhi kwa kweli maana vifaa anavyo vizuri tu.

Hatua ya kwanza, jua maana ya hizo mbili. CRIT Rate ni mara ngapi kriti inatokea, CRIT DMG ni nyongeza inayopatikana ikitokea. Kwa hiyo wastani wa mapigo mengi unakuwa hivi:

```
wastani = demeji * (1 + CRIT Rate * CRIT DMG)
```

Tuseme pigo lake bila kriti ni 10,000. Chukua 0.35 mara 1.90 unapata 0.665, jumlisha 1, wastani wake ni 16,650 kwa pigo.

Hatua ya pili, angalia gemu linauza kwa bei gani. Kwenye Genshin 1% ya CRIT Rate inalingana na 2% za CRIT DMG, ndo maana ile taji inayoitwa Circlet ya nyota tano ikifika leveli 20 inakupa ama CRIT Rate 31.1% ama CRIT DMG 62.2%. Dogo alikuwa kavaa ya CRIT DMG, na kwenye begi ana nyingine ya CRIT Rate ambayo vistati vyake vya chini ni karibu sawasawa, tukabadilisha. CRIT Rate ikapanda mpaka 66.1%, CRIT DMG ikashuka mpaka 127.8%. Piga sasa, 0.661 mara 1.278 ni kama 0.845, wastani 18,450. Demeji imepanda kama asilimia 11 na hakuna alichoongeza, kahamisha tu.

Kwa nini? Fikiria una kamba ya mita 40 unataka kuzungushia kiwanja. Ukikifanya 18 kwa 2 unapata mita za mraba 36, ukikifanya 10 kwa 10 unapata 100, kamba ni ile ile. Vitu vinavyozidishana vinataka vilingane, na hapa kulingana ni CRIT DMG iwe mara mbili ya CRIT Rate kwa sababu ya ile bei.

Hatua ya tatu, tafuta pa kulenga. Chukua CRIT Rate mara mbili, jumlisha CRIT DMG. Ya dogo 70 na 190 ni 260. Gawa kwa nne unapata 65, hiyo ndo CRIT Rate ya kulenga, na nusu ya 260, yaani 130, ndo CRIT DMG. Ona tulivyoangukia karibu hapo hapo. Ila CRIT Rate ikifika 100% imeisha, cha juu yake kinamwagika, so hapo peleka kila kitu kwenye CRIT DMG.

MASWALI

Mvuvi_wa_Pangani: Kaka asante kwa somo, mimi Ayaka wangu ana Blizzard Strayer vipande vinne na timu ina Cryo wawili, CRIT Rate nimefikisha 65, niko sawa?

Hapana mkuu, umepitiliza. Hiyo seti inakupa 20% adui akiwa ameguswa na Cryo, na 20% nyingine akiwa ameganda, halafu Cryo wawili wanaleta 15%. Jumla 55 ambazo kwenye ukurasa wa kareka huzioni, zinaingia ukiwa vitani. 65 na 55 ni 120, umemwaga 20. Shuka mpaka kama 45 upate CRIT DMG 40 zaidi. Ila kama unapigana sana na mabosi, wengi wao hawagandi, ile 20 ya pili hupati, kwa hiyo hapo hiyo 65 yako inafika 100 kamili, iache.

Binti_Bagamoyo: Shikamoo kaka, gemu ninalocheza limeandika kriti demeji 150% tangu mwanzo, fomula ni ile ile?

Marahaba mdogo wangu. Pima kwanza. Piga adui yule yule kwa pigo lile lile bila kubadilisha kifaa chochote wala bufu, andika namba isiyo na kriti na yenye kriti. Kama ni 2,000 na 5,000, basi 150% ni nyongeza, fomula ile ile. Kama ni 2,000 na 3,000 basi wameandika jumla, toa 100 kwanza, utumie 0.5 kwenye hesabu. Watu wengi wanakosea hapa, wanaona CRIT DMG yao ni kubwa kumbe theluthi mbili yake ni pigo la kawaida tu.