Kabla hujawaandikia wenzako muhtasari wa hotuba kuu ya mkutano

Umetumwa ofisini: sikiliza rekodi ya mtoa mada mkuu, tuletee kurasa mbili. Wenzako hawatasikiliza rekodi yenyewe. Watasoma ulichoandika wakiwa kwenye mwendokasi, kisha wataingia kikaoni na kupanga bajeti kwa maneno yako. Kwa hiyo kuna mambo ya kuweka sawa kabla hujaandika sentensi ya kwanza.

Pakua rekodi, usiitegemee mtandaoni. Kama bando ni tatizo, chukua sauti peke yake: saa moja ya sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde haizidi MB 29. Lakini slaidi lazima uzipate, kwa sababu utaona hapa chini kwamba nusu ya ushahidi hausemwi mdomoni.

Vaa hedifoni. Tenga saa tatu kwa hotuba ya dakika 48. Mara ya kwanza sikiliza moja kwa moja bila kusimamisha, uandike tu dakika ambazo dai jipya linaanza. Mara ya pili rudi kwenye dakika hizo tu.

Usiyaamini maandishi yanayojiandika chini ya video. Watoa mada wengi wa hapa Dar huchanganya Kiswahili na Kiingereza, na mashine hupotelea hapo hapo. Namba ndizo zinazoumia zaidi: 'fiftini' na 'fifti' hufanana sana kwenye spika za ukumbi, na 'kanti' hugeuka 'ken', ukanushi ukapotea wote. Kila namba isikilize mara mbili, kisha ilinganishe na slaidi.

Chora safu nne kwenye karatasi: dakika, dai, ushahidi, kikomo. Safu ya ushahidi uandike pia ni wa aina gani: kipimo alichofanya mwenyewe, utafiti wa mtu mwingine, kisa cha mteja mmoja, au maoni yake tu. Maoni si dhambi, ila yasivae nguo za takwimu. Safu ya nne ndiyo watu huiacha wazi, na ndiyo inayowaponza.

Tuchukue mfano, takwimu zikiwa za kufikirika. Mtoa mada anazungumzia mikopo midogo. Dakika ya 21 na sekunde 40 anasema, kwa sauti ya kujiamini, kwamba ujumbe wa SMS wa kumkumbusha mkopaji siku mbili kabla ya rejesho "ulipunguza ucheleweshaji kwa nusu". Ukumbi unapiga makofi. Mwandishi wa muhtasari anaandika: SMS hupunguza ucheleweshaji kwa asilimia 50. Sentensi fupi, inasomeka vizuri. Meneja mwenye wakopaji 1,200 anaisoma asubuhi, na mchana anaomba bei ya vifurushi vya SMS.

Sasa rudi dakika hiyo hiyo, usimamishe picha, uangalie chini ya slaidi, kwenye maandishi madogo ambayo mtoa mada hakuyasoma: wakopaji 40, miezi mitatu. Kabla ya SMS waliochelewa walikuwa 10, baada yake 5. Ni kweli ni nusu. Lakini ni watu watano. Ucheleweshaji umetoka asilimia 25 ukafika asilimia 12.5, yaani umeshuka kwa pointi 12.5 za asilimia, na kwenye kundi dogo hivyo wakopaji wawili wakiugua malaria wiki ya rejesho picha nzima inabadilika. Ndiyo maana "kwa nusu" haiandikwi peke yake. Andika kutoka ngapi hadi ngapi, kati ya wangapi, kwa muda gani.

Angalia na miezi yenyewe. Slaidi inaonyesha kipindi cha kabla kilianza Januari, na kipindi cha SMS kikaanza Aprili. Januari shule zinafunguliwa. Mzazi anayehangaika na sare na madaftari atachelewesha rejesho hata ukimpigia simu kila siku. Huenda sehemu ya ule upungufu ililetwa na kalenda tu. Hapakuwa na kundi la wakopaji wasiopata SMS katika miezi hiyo ya Aprili na kuendelea, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha nacho.

Na bado hujafika penye uchungu. Hotuba inaisha dakika ya 39, watu wanaanza kusimama, na mwandishi anafunga rekodi kwa sababu "yaliyobaki ni maswali". Dakika ya 44 mshiriki anauliza kitu bila maikrofoni. Kwenye rekodi unasikia mnong'ono tu, viti vinaburuzwa, kisha jibu la mtoa mada: "Ndiyo, kila wiki. Zamani ilikuwa mara moja kwa mwezi." Ongeza sauti hadi mwisho, rudisha mara tatu, utalipata swali: maafisa mikopo waliendelea kuwatembelea wakopaji? Kumbe katika miezi ileile ya SMS, afisa alikuwa anagonga mlango kila wiki badala ya kila mwezi. Ni nani aliyepunguza ucheleweshaji, simu au afisa? Rekodi haijibu, na muhtasari haupaswi kujifanya unajua. Meneja aliyeagiza vifurushi atapata SMS bila afisa, na marejesho huenda yakabaki palepale.

Kwa hiyo sikiliza maswali yote hadi ukumbi unyamaze. Huko ndiko mtoa mada hulazimika kutaja masharti ambayo hotuba iliyafunika. Kama sehemu ya maswali imekatwa kwenye rekodi, sema hivyo kwenye muhtasari.

Dai lile lingeandikwa hivi: "Mtoa mada anasema SMS siku mbili kabla ya rejesho ilipunguza wanaochelewa kutoka 10 hadi 5 kati ya wakopaji 40, kwa miezi mitatu (21:40). Katika kipindi hicho ziara za afisa ziliongezwa kutoka kila mwezi hadi kila wiki (44:10), na hapakuwa na kundi la kulinganisha." Ni sentensi mbili, na meneja ataelewa bila kumpigia mtu simu.

Vidokezo vya kazi uviweke mbali na madai, na kila kimoja ukipe mwenyewe. "Tuma siku mbili kabla, saa ambayo mteja ana hela mkononi" ni cha mtoa mada. "Tuanze na tawi la Mbagala, nusu wapate SMS na nusu wasipate, ziara zisibadilike" ni chako. Vikichanganyika, kesho utasikia kikaoni kwamba mtaalamu ameshauri Mbagala.

Kuhusu dakika ulizonukuu: kama video ipo YouTube, geuza muda uwe sekunde, 21:40 ni 1300, kisha bandika mwisho wa kiungo kifupi `?t=1300` ili mwenzako afike hapo hapo. Kama kiungo kina alama ya `?` tayari, weka `&t=1300`. Ila matangazo ya moja kwa moja mara nyingi hukatwa mwanzo baadaye, ile robo saa ya kusubiri mgeni rasmi, na dakika zako zote zinahama. Pembeni ya muda andika pia maneno manne ya kwanza yanayosikika hapo.

Mengine ni ya kawaida. Jina na cheo cha mtoa mada vinakiliwe kutoka slaidi ya kwanza, si kwa kusikia. Utani usigeuzwe pendekezo. Slaidi zenye majina ya wateja usizitupe kwenye grupu la WhatsApp, na rekodi usiifute hadi kikao kipite, maana kuna mtu atabisha.