Somo: Mwajiri akidai dhamana ya utekelezaji, benki inasoma barua, haisomi mgogoro

Somo hili ni kwa makandarasi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wanaopewa kazi kwa sharti la kuleta dhamana ya utekelezaji kutoka benki. Naliandika kwa sababu swali linalonifikia mara nyingi huja likiwa limechelewa: "Mwajiri ndiye aliyevunja mkataba, benki inawezaje kumlipa hela yangu?" Inaweza, na kwa kawaida inatakiwa ilipe. Tutaliona hilo hatua kwa hatua, halafu maswali ya wanachama yatafuata.

Hatua ya 1: Tenganisha mikataba mitatu

Mkandarasi huona jambo moja, kumbe yapo matatu. Kuna mkataba wa ujenzi kati yako na mwajiri. Kuna fomu ulizosaini benki, ambamo umeahidi kuirudishia benki kila shilingi itakayolipa kwa niaba yako, pamoja na gharama zake. Na kuna dhamana yenyewe, ambayo ni ahadi ya benki kwa mwajiri. Katika hiyo ya tatu wewe si mhusika. Jina lako limetajwa ili ijulikane dhamana inahusu kazi ya nani, basi.

Ndiyo maana benki haiulizi nani ana haki. Mwajiri angeweza kukuambia uweke fedha taslimu mkononi mwake hadi kazi iishe. Amekubali karatasi ya benki badala ya fedha hizo, kwa matumaini kwamba siku akiihitaji itageuka fedha bila kesi. Kama benki ingeanza kupima ubora wa zege au kuhesabu siku za mvua, mwajiri angerudi kudai fedha taslimu, na makandarasi wengi wadogo wasingepata kazi kabisa. Tena afisa wa benki hana mhandisi, hajafika saiti, na ada aliyokutoza ni ya kutunza ahadi, si ya kuamua kesi.

Dhamana nyingi huandikwa kwamba zinafuata kanuni za Chama cha Kimataifa cha Biashara zinazoitwa URDG 758, zilizoanza kutumika Julai 1, 2010. Kanuni hizo zinasema wazi kwamba dhamana inajitegemea, na kwamba mdhamini anashughulika na nyaraka, si na kazi ambayo nyaraka hizo zinaizungumzia. Lakini hazijilazimishi zenyewe: ni lazima dhamana iseme kwamba inazifuata. Angalia mstari huo, mara nyingi uko chini kabisa.

Hatua ya 2: Soma maneno kabla benki haijatoa

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako zote, maana baadaye hakuna pa kujitetea. Usidanganywe na kichwa cha karatasi. Kuna karatasi zinaitwa bondi lakini zinalipwa mara tu barua ya dai ikifika, na kuna nyingine zinaitwa dhamana lakini zinamtaka mwajiri athibitishe kwanza kwamba umevunja mkataba na amepata hasara. Kinachoamua ni maneno ya ndani. Ukiona "tutalipa mara tutakapopokea dai lako la kwanza la maandishi, bila kukutaka uthibitishe sababu", umefika kwenye ile ya kulipwa kwa kudai.

Katika kazi za serikali, fomu ya dhamana huja ndani ya nyaraka za zabuni na nafasi ya kuibadilisha ni ndogo, kwa hiyo isome kabla ya kuweka bei. Kwa mwajiri binafsi, pigania mambo haya: tarehe ya ukomo iliyoandikwa kwa siku, mwezi na mwaka, si "hadi kazi itakapokamilika", tawi ambako dai litawasilishwa, na takwa kwamba dai liambatane na tamko linaloeleza umekosea wapi. Tamko hilo ni dogo kuliko linavyosikika. Halimlazimishi mwajiri kuthibitisha chochote, ila linamlazimisha kuandika kosa na kulisaini. Mtu akiulizwa baadaye mbele ya msuluhishi kwa nini aliandika hivyo, karatasi hiyo itakuwepo.

Hatua ya 3: Fuata dai linavyotembea

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mkandarasi wa Uyole anajenga ghala la viazi nje ya Makambako kwa shilingi milioni 600. Dhamana ni asilimia 10, yaani milioni 60. Benki imefungia milioni 30 za amana yake na kushika hati ya kiwanja kwa zilizobaki. Kazi imeanza Septemba. Mvua za Desemba zimekata njia, malori ya kokoto hayafiki, na hapohapo mwajiri hajalipa cheti cha malipo cha milioni 85. Mkandarasi amepunguza mafundi. Mwajiri anasema kazi imetelekezwa.

Machi mwajiri anapeleka barua benki: "Tunaomba mtulipe shilingi milioni 60 chini ya dhamana tajwa." Hakuna kingine. Kwa dhamana iliyo chini ya URDG 758, benki inapaswa kumjulisha mkandarasi bila kuchelewa kwamba dai limefika, na ina siku 5 za kazi baada ya siku ya kuwasilishwa kulichunguza. Mkandarasi anakimbilia benki na mafaili matatu: kumbukumbu za mvua, barua za kudai malipo, picha za barabara iliyokatika. Afisa anayapokea kwa heshima na kuyaweka pembeni. Anachosoma ni barua ya mwajiri na dhamana, ubavu kwa ubavu. Anakuta barua haisemi mkandarasi amekosea nini, ingawa dhamana inataka lile tamko la hatua ya 2. Benki inalikataa dai kwa taarifa moja inayotaja kila kasoro, ndani ya siku zilezile 5. Ikizubaa zikapita, haiwezi tena kusema dai lina kasoro.

Mkandarasi anashangilia mapema. Siku chache baadaye barua mpya inafika: "Mkandarasi amevunja mkataba kwa kusimamisha kazi bila idhini tangu Januari." Imesainiwa, kiasi ni kilekile, dhamana haijafika ukomo. Kukataliwa kwa dai la kwanza hakumzuii mwajiri kuleta la pili. Benki inalipa milioni 60. Inachukua milioni 30 za amana, na milioni 30 nyingine zinageuka deni lenye riba, hati ya kiwanja ikiwa bado mikononi mwake.

Je, mkandarasi alikuwa na hoja? Huenda alikuwa nayo nzito. Cheti kisicholipwa si jambo dogo. Lakini hoja hiyo ni ya mkataba wa kwanza, na imefikishwa kwenye dirisha la mkataba wa tatu.

Hatua ya 4: Jua mlango mwembamba wa mahakama

Kesi inayotajwa sana katika eneo hili ni ya Uingereza, ya kampuni ya Edward Owen dhidi ya Benki ya Barclays, iliyoamuliwa mwaka 1977. Kampuni ilikuwa ijenge mabanda ya vioo ya kilimo nchini Libya. Mnunuzi hakufungua barua ya mkopo, yaani ahadi ya benki ya kuilipa kampuni, kama walivyokubaliana, kampuni ikajitoa, naye mnunuzi akaidai dhamana. Ukisoma habari hiyo utaona kampuni ilionekana haina kosa. Hata hivyo Mahakama ya Rufani ilikataa kuzuia malipo. Ilisema benki lazima ilipe kulingana na ahadi yake, isipokuwa pale penye ulaghai ulio wazi na benki inaujua.

Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, ila hutumika kushawishi. Kwa hiyo ukienda kuomba zuio Mahakama Kuu, usiende na ubishi wa mvua na vyeti. Huo ni mgogoro, si ulaghai. Ulaghai ni kama mwajiri mwenyewe ameshakuandikia kwamba kazi imekamilika na hakudai kitu, kisha akaenda benki kusema umetoroka saiti. Hata hapo unatakiwa uwe na karatasi mkononi, na uwahi kabla fedha hazijatoka.

Hatua ya 5: Fedha zikishatoka, rudi kwenye mkataba wa kwanza

Malipo ya benki hayamalizi hesabu kati yako na mwajiri. Peleka mgogoro kwa utaratibu ulioandikwa kwenye mkataba: mwamuzi, usuluhishi au mahakama. Ikionekana hasara yake ya kweli ilikuwa milioni 20, anapaswa kurudisha 40. Mkataba wa mfano wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, wa mwaka 1999, kifungu cha 4.2, umeorodhesha lini mwajiri anaruhusiwa kudai dhamana, na unamtaka akufidie akidai bila haki. Hapo ndipo yale mafaili matatu yanapofunguliwa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Mafinga. Mwajiri ameiandikia benki: "Ongezeni muda wa dhamana miezi sita, la sivyo mlipe." Nifanyeje?*

Marahaba. Hilo ni dai kamili, usilichukulie kama ombi, mradi limetimiza masharti mengine ya dhamana. Chini ya URDG 758 benki inaweza kusimamisha malipo kwa siku zisizozidi 30 ili mzungumze. Muda ukiongezwa kama alivyoomba, dai linahesabika limeondolewa. Usipoongezwa, benki italipa. Kama kazi kweli bado haijaisha, mara nyingi ni nafuu kuongeza, lakini tumia siku hizo kumwomba apunguze kiasi cha dhamana kwa sehemu ya kazi iliyokwisha pokelewa.

*Kaka, nimeambiwa nichukue bondi ya kampuni ya bima kwa sababu bima huchunguza kabla ya kulipa. Ni kweli?*

Si kwa sababu ni bima. Rudi hatua ya 2. Bondi ya bima ikiandikwa kwamba inalipwa kwa dai la kwanza, na bima nayo italipa hivyohivyo. Ikiandikwa kwamba mwajiri athibitishe uvunjaji na hasara, hapo inachunguza. Tofauti utakayoiona mapema ni kwenye rehani: uliza wanataka nini kama kinga, na uombe nakala ya maneno ya bondi kabla ya kulipa ada.

*Dada yenu wa Tukuyu hapa. Dhamana yangu ilifika ukomo Ijumaa, mwajiri alileta dai Jumatatu akisema karatasi ya asili bado anayo. Benki inasita.*

Dada, kukaa na karatasi hakuirefushi dhamana iliyopita tarehe yake, kama maneno yake yanafuata URDG 758. Angalia kitu kimoja tu: Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya kazi mahali pa kuwasilishia? Tarehe ya ukomo ikiangukia siku isiyo ya kazi, husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Kama ilikuwa siku ya kazi ya kawaida, iandikie benki leo, taja tarehe ya ukomo na tarehe ya dai, uiombe ikatae kwa maandishi ndani ya zile siku 5, kisha uulize lini itafungua amana yako.