Hisa za Shemeji na Swali la Mmiliki Manufaa: Kwa Wakurugenzi Wenye Akaunti za Benki Uingereza

Ukurasa wa kwanza wa fomu za KYC, zile benki inazotumia kumjua mteja wake, hauna shida. Jina la kampuni, namba ya usajili, anwani, kazi mnayofanya, mauzo mnayotarajia kwa mwaka. Pasipoti za wakurugenzi, uthibitisho wa makazi, taarifa za benki za miezi michache. Jaza, ambatisha, songa mbele. Shida huanza pale fomu inapouliza wamiliki manufaa wa kampuni ni nani, na hapo ndipo akaunti ya kampuni yetu ilipofungiwa malipo.

Swali hilo haliulizi nani ameandikwa kwenye hati. Linataka binadamu wa nyama na damu ambaye mwisho wa mambo kampuni ni yake, au neno lake ndilo linaloamua. Kampuni haiwezi kuwa jibu. Ukiandika kwamba mwanahisa wenu ni kampuni nyingine iliyosajiliwa Nairobi, benki itakuuliza nyuma yake kuna nani, na itaendelea kuuliza mpaka ifike kwa mtu mwenye kitambulisho. Kwa kawaida Uingereza inamtambua anayemiliki zaidi ya asilimia 25 ya hisa au kura. Sisi tumezoea kiwango tofauti: kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinaanzia asilimia 10. Usidhani kwamba 25 itakuepusha na maswali. Kenya iliingizwa Februari 2024 kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa fedha, na benki inapoona mkono wa nchi iliyo katika orodha hiyo, huchunguza kwa undani zaidi. Benki kadhaa hushusha kiwango chao wenyewe hadi 10.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe, maana wengi hawaifanyi hata kidogo. Kampuni yetu ya Uingereza ina wanahisa wawili. Mshirika wangu ana asilimia 40 kwa jina lake mwenyewe. Asilimia 60 iliyobaki ni ya kampuni yetu ya Kenya. Ukifungua CR12 ya kampuni hiyo ya Kenya, yaani hati ya msajili yenye majina ya wanahisa, unakuta mimi nina 50, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana 30, na shangazi ana 20. Benki huzidisha ngazi kwa ngazi. Hamsini katika mia ya 60 ni 30, hivyo mimi nina asilimia 30 ya kampuni ya Uingereza. Shemeji anapata 18, shangazi 12. Ukijumlisha na 40 za mshirika, mia imetimia. Kwa kiwango cha 25 tunaotajwa ni mimi na mshirika tu. Kwa kiwango cha 10 tunatajwa wote wanne.

Mhasibu alijaza hivyo, na kila tarakimu ililingana na CR12. Benki ikawatumia wote wanne kiungo cha kupiga picha ya kitambulisho na ya uso, chenye maswali mafupi chini yake. Swali moja liliuliza unahusikaje na kampuni hii. Shemeji, mtu mkweli asiyejua kuzunguka maneno, akaandika kwamba yeye hana lolote, zile hisa ni za mume wa dada yake, anamshikia tu kwa sababu mwenyewe yuko ng'ambo.

Alisema kweli. Nyote mnaoishi huku mnajua utaratibu ule: mtu wa nyumbani anaandikwa ili awepo wa kutia saini na kukimbizana na ofisi. Kati yetu sisi hilo ni jambo la kuaminiana, na hakuna aliyekusudia kuficha kitu. Lakini kwa benki, jibu lile lilimaanisha kwamba fomu imesema mimi nina 30 ilhali ukweli ni mwingine. Ukirudisha hisa za shemeji kwangu, ninamiliki 80 ya kampuni ya Kenya, na 80 katika mia ya 60 ni 48. Malipo yakasimama siku ileile.

Nalirudia hili kwa sababu ndilo linalowanasa watu: fomu kulingana na CR12 si kinga. CR12 inaonyesha nani ameandikwa. Benki inauliza kwa niaba ya nani. Kama kuna hata hisa moja inayoshikwa na mtu kwa ajili ya mwingine, sema kabla hujaulizwa, taja anayeshika na taja mwenyewe, na uhesabu asilimia zile kwa mwenyewe.

Kuna ngazi ya pili ya mtego huo. Rejesta ya wenye udhibiti mkubwa pale Companies House, msajili wa kampuni wa Uingereza, haizidishi kama benki. Hisa zinazopitia kampuni nyingine huhesabiwa kuwa zako pale unapokuwa na wingi wa kura katika kampuni hiyo au unapoitawala. Nikiwa na 50 kamili kwenye kampuni ya Kenya, nusu hiyo haikuwa wingi. Nikiwa na 80, wingi ni wangu, na rejesta inanihesabia 60 yote, yaani naingia kundi la zaidi ya 50 na chini ya 75. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa ukweli uleule, anaonekana na 48 kwenye fomu ya benki na zaidi ya 50 kwenye rejesta. Si uongo, ni kanuni mbili tofauti. Lakini benki ina wajibu wa kisheria kuripoti Companies House ikiona rejesta inapingana kwa kiasi kikubwa na inachokijua kuhusu mteja. Usiiachie ikukisie. Andika barua fupi inayoonyesha hesabu zote mbili na kwa nini zinatofautiana.

Mkisikia habari hii, ndugu zangu, msianze kumfundisha shemeji la kujibu. Nimeshauriwa hivyo na jamaa zaidi ya mmoja, kwa mapenzi mema kabisa: mwambie aseme ni zake, basi. Hapana. Akisema ni zake, benki itamuuliza alizilipia na fedha gani, gawio linaingia akaunti ipi, na mara ya mwisho alipiga kura lini. Mtu ambaye hajawahi kuiona hata hesabu ya mwaka ya kampuni hawezi kuyajibu hayo. Na kutoa maelezo ya uongo kwa makusudi hapa ni kosa la jinai, lake na lako. Jamaa wa nyumbani wanadhani benki ni karani anayetaka kumaliza fomu aende zake. Kule inaweza kuwa hivyo. Huku fomu inasomwa, inawekwa, na mwaka ujao inalinganishwa na nyingine.

Tulichofanya ni hiki. Shemeji na mimi tulitia saini hati ya amana mbele ya wakili, inayosema hisa zile ni kwa ajili yangu na tangu lini. Hati hiyo ilieleza yaliyopita, haikubadilisha mmiliki aliyeandikwa. Kisha tukahamisha hisa zenyewe zije kwa jina langu, na utaratibu wa nyumbani mnaujua: fomu ya kuhamisha, ushuru wa stempu, eCitizen, taarifa ya wamiliki manufaa, CR12 mpya. Rejesta ya Companies House ikasahihishwa. Vyote vikaenda benki kwa bahasha moja, pamoja na mchoro wa ukurasa mmoja wenye visanduku vya kampuni zote mbili, majina ya watu, asilimia kila mshale, tarehe na saini yangu. Mchoro huo ulisaidia kuliko kurasa zote za maelezo. Anayepitia faili lako hajui CR12 ni nini mpaka umwambie kwamba ni hati rasmi ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa. Mwambie. Na iwe ya karibuni, maana benki nyingi hukataa hati iliyozidi miezi mitatu.

Akaunti ilifunguliwa, lakini miezi ilipita na wauzaji wawili walikuwa wamekwisha kutuacha. Kinachouma zaidi ni ukimya. Unapiga simu, unaambiwa kwa sauti tamu kwamba faili linapitiwa. Unauliza tatizo ni nini, unaambiwa hawawezi kusema. Nilikasirika, na bado nadhani ni namna ngumu ya kuishi na watu: jamii hii itakushukuru kwa uvumilivu wako mara nne katika barua moja huku mishahara yako imekwama. Lakini jueni kwamba chini ya sheria ya mwaka 2002 kuhusu mali zitokanazo na uhalifu, mfanyakazi wa benki anayemdokeza mteja kwamba ameripotiwa anaweza kushtakiwa. Yule binti wa simu huenda hajui chochote, na kama anajua hana ruhusa. Kumfokea kunakupotezea muda. Uliza jambo moja analoweza kujibu: ni hati gani bado hazijapokelewa.

Hisa si njia pekee. Fomu pia itauliza kama kuna mtu mwenye uwezo wa kuteua au kuondoa wakurugenzi walio wengi, au mwenye ushawishi mkubwa kwa njia nyingine. Hapa wengi huandika hakuna, na mara nyingi si kweli. Kama mzee alitoa mtaji wote kwa mkopo wenye masharti kwamba hakuna mkataba unaosainiwa bila idhini yake, basi mzee anatajwa, hata kama hana hisa moja. Kama anashauri tu na mnaweza kumkatalia, hatajwi. Kipimo ni hicho: mkimkatalia, neno la nani linasimama? Na pale ambapo kweli hakuna anayefikia kiwango wala mwenye udhibiti, usiache nafasi tupu. Anaandikwa kiongozi mkuu wa kampuni, na benki inataka ionekane kwamba ulitafuta kwanza.

Maswali ya nchi unakolipa kodi ni mepesi: andika nchi zote, na namba ya kodi ya kila moja, PIN ya KRA ikiwemo kama bado unawajibika kule.

Kabla ya kutuma chochote, mpigie kila mtu aliye kwenye mchoro. Mweleze benki itamwuliza nini, na umwambie ajibu lililo kweli kwake. Sisi shangazi alikuwa mmiliki wa kweli wa hisa zake, alizinunua mwenyewe na stakabadhi anazo, lakini kiungo chake kilikataa mara kwa mara kwa sababu CR12 ilimwandika kwa jina la ndoa na kitambulisho kwa jina la baba yake. Cheti cha ndoa kilitatua, pamoja na barua ya wakili kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Tazama majina hayo leo, herufi kwa herufi, ungali na akaunti inayofanya kazi.