Kabla hujanunua chakula cha wiki cha kuongeza mwili

Ukiwa mwembamba na umeamua kula kalori 3,000 kwa siku, usiende kununua chakula na hesabu ya siku moja. Nenda na ya wiki: kalori 21,000. Kuna siku utakula vizuri na kuna siku utashindwa, ila wiki ikiisha kabati litasema ukweli.

Orodha yangu ni fupi. Mchele kilo moja na robo tatu, mkate kilo moja, maharage makavu gramu 700, siagi ya karanga gramu 350, maziwa yasiyopunguzwa mafuta lita tatu na nusu, mayai 21, nyama au samaki gramu 700, ndizi mbivu 14 na mafuta ya kupikia robo lita. Gawanya kwa saba, utapata 3,000 na chenji kidogo. Mboga za majani nunua unazopenda, usizihesabu.

Mayai, maziwa na nyama vinunue kidogo kidogo, vinaharibika. Mchele na maharage nunua ya mwezi kama mfuko unaruhusu, lakini kila wiki pima mgao wako uuweke pembeni. Usichote moja kwa moja kwenye gunia.

Kwenye bei, acha kutazama bei ya kilo. Tafuta kalori 1,000 zinakugharimu kiasi gani. Kilo ya mchele mkavu ina kama kalori 3,600, basi gawanya bei yake kwa 3.6. Lita ya mafuta ina zaidi ya 8,000, gawanya kwa 8. Lita ya maziwa ina kama 640 tu, gawanya kwa 0.64. Ukimaliza utaona nini kinabeba kalori kwa bei nafuu na nini unakilipia kwa ajili ya protini. Mwezi ukiwa mgumu, punguza nyama uongeze maharage. Mafuta na mchele usiviguse.

Sasa lililonigharimu mwezi mzima. Nilipanga gramu 250 za mchele kwa siku, ambazo ni kama kalori 900. Nikanunua mizani ya jikoni, na kila siku nilikuwa napakua wali kwenye sahani, naiweka juu ya mizani, naongeza kijiko kimoja kimoja mpaka isome 250. Nikajiona mtaalamu. Wiki ya kwanza uzito haukusogea, ya pili haukusogea, ya tatu nikaanza kusema ukoo wetu wote ni wembamba, mimi nani nibadilishe?

Wakati huohuo nilikuwa najisifu kwamba matumizi yameshuka. Mchele wa wiki ulibaki zaidi ya kilo, wiki iliyofuata sikununua kabisa. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyeuliza, huku ameshika kile kifuko: "Kaka, unasema unakula sana, mbona mchele hauishi?"

Ndipo nikasoma pakiti vizuri. Zile kalori 360 kwa kila gramu 100 ni za mchele mkavu. Ukishapikwa umekunywa maji, na gramu 100 za wali zina kama 130 tu. Sahani yangu ya gramu 250 ilikuwa na kalori 325, si 900. Nilikuwa napungukiwa 575 kila siku, zaidi ya 4,000 kwa wiki, na ile akiba niliyojivunia ndicho chakula chenyewe ambacho sikukila.

Kwa hiyo pima kikavu, kabla ya kugusa maji. Maharage ni vilevile. Ukipikia watu wengi, pima mchele mkavu wa sufuria nzima, pima wali wote ulioiva, kisha chukua fungu lako kwa uwiano. Na kila mwisho wa wiki, kabla ya kuandika orodha mpya, fungua kabati. Kikibaki chakula cha maana, hukula 3,000, hata ukibisha.

Mafuta ongeza polepole. Vijiko viwili vikubwa kwa siku ni kalori 240 hivi, lakini tumbo lisilozoea litakukimbiza chooni. Maziwa yakikusumbua tumbo, jaribu mtindi, au ziba pengo kwa siagi ya karanga.

Jipime asubuhi ukitoka chooni, kabla ya kula, na ulinganishe wastani wa wiki na wiki. Robo hadi nusu kilo kwa wiki inatosha. Kabati likiwa tupu na wastani haujapanda kwa wiki mbili, ongeza kalori 250 kwa siku kwenye orodha. Kama unakula yote hayo na bado unapungua, au unaharisha mara kwa mara, au unatoka jasho jingi usiku, acha orodha kwanza, nenda ukapimwe.