Somo: Misuli minne inayoshika kichwa cha bega, inapoanzia, inapojishika na inavyovuta

Ninaliandika somo hili kwa sababu kila muhula, mitihani ya vitendo inapokaribia, swali ni lilelile: msuli upi unazungusha mkono kwa nje na upi kwa ndani? Safari nyingine nitawaelekeza hapa.

Hatua ya 1. Shika skapula mkononi, au papasa ya mwenzako, utafute tuta lake lililo upande wa mgongoni.

Hatua ya 2. Juu ya tuta kuna bonde la supraspinatasi, na chini yake bonde la infraspinatasi. Teresi ndogo huanzia kwenye ukingo wa nje wa skapula. Yote mitatu hujishika kwenye kinundu kikubwa cha humerasi kwa mpangilio huohuo, kuanzia juu kwenda nyuma na chini.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo someni taratibu. Subskapularisi nao uko kwenye skapula, ila umelala upande wa mbele, kati ya mfupa huo na mbavu. Kano yake hupita mbele ya kiungo na kujishika kwenye kinundu kidogo, hivyo msuli unapojikunja huivuta sehemu ya mbele ya humerasi kuelekea katikati ya mwili, na mkono huzunguka kwa ndani. Infraspinatasi na teresi ndogo hupita nyuma ya kiungo, kwa hiyo huzungusha kwa nje. Usikariri orodha; jiulize kano inapita mbele au nyuma, na jibu litakuja lenyewe. Tahadhari: teresi kubwa haimo katika kundi hili. Hujishika mbele ya humerasi, chini ya kinundu kidogo, na huzungusha kwa ndani, ingawa kwenye skapula inapakana na teresi ndogo.

Hatua ya 4. Supraspinatasi hupita juu ya kiungo, chini ya akromioni, na husaidia kuinua mkono kwa upande. Vitabu vingi humpa nyuzi 15 za kwanza, lakini vipimo vya umeme wa misuli vimeonyesha kwamba deltoidi hufanya kazi pamoja naye tangu mwanzo. Kazi kubwa ya kundi zima ni kukibana kichwa cha humerasi kwenye kitako chake, ili deltoidi isikivute kikapanda juu.

Hatua ya 5. Tumia haya kwa mgonjwa. Chukulia mama wa miaka 52 kutoka Chamwino, anayepogoa zabibu mikono ikiwa juu siku nzima. Mwenyewe anainua mkono wa kulia kwa upande hadi nyuzi 40 tu, huku bega zima likipanda kuelekea sikioni. Ukimwinulia wewe, unafika nyuzi 170, kwa hiyo kiungo hakijaganda. Kunja kiwiko chake nyuzi 90, kiweke ubavuni, uzungushe kigasha kwa nje kisha umwambie akishikilie: kinabaki pale, basi infraspinatasi inafanya kazi. Mwambie abonyeze tumbo kwa kiganja, kiwiko kikiwa mbele: kiwiko hakirudi nyuma, basi subskapularisi nayo iko salama. Ukimwachia mkono ukiwa nyuzi 90 aushushe polepole, unaanguka. Hapo unashuku kano ya supraspinatasi imechanika, lakini maumivu peke yake yanaweza kuuangusha mkono. Kwa hiyo kagua shingo, hakikisha deltoidi inajikunja, kisha omba altrasaundi.

MASWALI

Mwanachama: Mwalimu, teresi kubwa nayo imo?
Jibu: Hatua ya 3, sentensi za mwisho.

Mwanachama: Naomba notisi kwa pdf, mtihani ni kesho.
Jibu: Sina. Hatua ni tano tu, soma.

Mwanachama: Shikamoo mwalimu. Nimemwona kijana mcheza voliboli ambaye infraspinatasi imesinyaa, ila supraspinatasi imejaa vizuri. Inawezekanaje, ilhali neva ni moja?
Jibu: Marahaba. Umeangalia vizuri. Neva ya supraskapula hupita kwanza kwenye pengo la ukingo wa juu wa skapula, ikatoa matawi kwa supraspinatasi, halafu ikazunguka ncha ya nje ya tuta kwenda infraspinatasi. Ikibanwa kwenye pengo la kwanza, misuli yote miwili hudhoofu. Ikibanwa pale inapozunguka tuta, ni infraspinatasi peke yake. Mpime kuzungusha kwa nje, na umzuie asitoe kiwiko ubavuni, maana akikitoa deltoidi inamsaidia na utaandika nguvu asiyokuwa nayo.

Mwanachama: Sisi tusio na mifupa ya mazoezi tufanyeje?
Jibu: Nenda Soko la Majengo, mwombe muuza nyama bega la mbuzi kabla hajalikatakata. Tuta na misuli ya pande zake mbili utaiona wazi.

Mwanachama: Basi hata kuinua mkono kwa upande tunaweza kujifunza hapo?
Jibu: Hapana. Mbuzi hana mtulinga wa kufanya kazi kama wetu, na mguu wake umeumbwa kwenda mbele na nyuma. Hilo lipapase kwenye bega la mwenzako.